Mlango Ufunguke, Lakini Asitoke Daktari

Kila wiki kuna msee ananitumia hadithi yake nimsomee kabla hajaipandisha mtandaoni. Sikatai, kwa sababu hata mimi kuna watu walinisomea zangu zikiwa mbovu. Lakini kuna kitu kimoja nimeanza kukiogopa. Hadithi nyingi zinafika mahali mtu anangoja hospitalini, na karibu kila anayengoja "moyo wake unadunda kama ngoma". Ndugu yangu, huo moyo umechoka. Upumzishe.

Kabla hujanirushia mawe, mimi si mwalimu wa fasihi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo hapa sikuletei nadharia. Nakuletea kosa nililolifanya mwenyewe, na jinsi nilivyolirekebisha kwa miezi kadhaa. Msimamo wangu ni huu: ukitaka kumfanya msomaji ashike roho mkononi wakati mhusika wako anangoja, usimweleze hofu ya mhusika. Mkatize mhusika. Mkatize kwa vitu vidogo, vya kawaida, vya kuudhi, na umpokonye kitu kila mara.

Nianze na usiku wenyewe. Mdogo wangu aligongwa na bodaboda akivuka barabara. Tulipofika hospitalini walisema tumboni kulikuwa kunavuja damu, lazima apasuliwe usiku huohuo. Nikaachwa kwenye korido, benchi la mbao, mlango wa milango miwili mbele yangu. Wiki mbili baadaye nikaandika. Nilimgeuza mdogo wangu kuwa msichana, nikamwita Zawadi, na mimi nikawa Musa. Soma nilichoandika:

"Musa aliketi kwenye benchi. Moyo ulimdunda kama ngoma. Jasho lilimtiririka. Alimwaza dadake Zawadi na machozi yakamlengalenga. Dakika zilikwenda polepole kama konokono. Aliomba. Aliomba tena. Mara mlango ukafunguka, daktari akatoka akitabasamu."

Nikampa rafiki yangu mmoja asome. Akanirudishia simu akisema, "Buda, hakuna kitu kilimsumbua huyu Musa. Alikaa tu akalia kwa amani."

Akalia kwa amani! Niliudhika, halafu nikakumbuka ule usiku vizuri, nikaona ana haki. Mimi sikulia kwa amani. Sikupata hata dakika tano za kuogopa bila kusumbuliwa. Mara mama wa usafi ananiambia niinue miguu, mara simu, mara mtu anauliza choo kiko wapi kama mimi ndimi mwenye hospitali. Mimi dunia yangu ilikuwa imesimama, lakini kwa kila mtu mwingine pale ilikuwa siku ya kazi kama siku zingine. Hilo ndilo lililouma, na ndilo nililoliacha nje ya hadithi.

Nilipoandika upya, kazi ya kwanza haikuwa kuongeza visumbufu. Ilikuwa kuweka swali. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliwahi kulieleza hili vizuri alipohojiwa na mwenzake François Truffaut mwaka wa 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde chache, yameisha. Lakini kama anajua bomu lipo na anajua litalipuka saa ngapi, stori zilezile za kuboesha zinageuka mateso. Mtazamaji anatamani kupiga kelele: nyanyukeni hapo!

Korido ya hospitali haina bomu. Bomu lako ni saa. Kwa hivyo kabla kisumbufu cha kwanza hakijaingia, msomaji awe tayari anajua nani yuko ndani na alipaswa kutoka saa ngapi. Nilifungua hivi:

"Daktari alikuwa amesema saa moja, sana sana moja na nusu. Zawadi aliingizwa saa mbili usiku. Sasa saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo."

Piga hesabu. Dakika kumi na tano zimezidi. Sijasema Musa anaogopa, lakini wewe umeshaanza kuuangalia ule mlango. Kuanzia hapo, chochote kitakachogusa mlango ule kitakugusa na wewe.

Sasa ndipo unaleta kisumbufu, na hapa nina sheria moja ambayo sibadilishi: kisumbufu kizuri kwanza kinafanana na jibu. Kwa sekunde moja au mbili msomaji aamini kwamba sasa ndiyo sasa. Halafu kigeuke kuwa kitu kingine. Gari likipiga honi nje barabarani, hicho si kisumbufu, ni kelele tu, kwa sababu hakuna aliyetegemea jibu kutoka kwa honi. Cha kwanza changu kilikuwa hiki:

"Mlango ukafunguka. Kwanza ilitoka ndoo.

'Inua miguu, kijana.'

Musa akainua. Mopu ikapita chini yake. Maji ya ndoo yalikuwa ya kijivu. Aliyatazama mpaka akahakikisha ni ya kijivu tu.

'Mama, umetoka ndani?'

'Mimi naosha korido tu, baba. Usikanyage hapo mpaka pakauke.'"

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, Musa anatazama rangi ya maji. Sijaandika neno damu, na sijaandika neno hofu, lakini unajua anatafuta nini kwenye ile ndoo. Kitu kidogo kikipita mbele ya mtu anayengoja, anakisoma kama barua. Hapo ndipo hofu yake inaonekana. Pili, yule mama amemchukulia kitu. Musa alikuwa akitembea huku na huku, sasa sakafu ni maji, amefungwa kwenye benchi. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya sheria yangu: kisumbufu kisiondoke mikono mitupu. Kichukue nafasi, kichukue chaji ya simu, kichukue mtu aliyekuwa akimpa kampani, kichukue uongo wake au ukweli wake. Kama mhusika anarudi kwenye kungoja akiwa vilevile alivyokuwa, umempotezea msomaji muda.

Cha pili nilitaka kiwe kikali zaidi, na hapa nilikaribia kuharibu. Nesi anatoka, anaita "Watu wa Zawadi?" Musa anaruka. Kumbe ni Zawadi mwingine, aliyekuwa akijifungua kwa upasuaji. Rasimu ya kwanza msomaji mmoja aliniambia, "Hiyo umetunga." Na ni kweli, majina mawili kugongana ghafla kunanuka uongo. Sikuondoa. Nilirudi nyuma nikalipia deni mapema. Kabla hata ya ndoo, niliweka sentensi mbili: kando ya Musa ameketi mama mmoja na thamosi ya chai, wamegundua kwamba msichana wa kila mmoja aliye ndani anaitwa Zawadi, wakacheka kidogo. Mama akammiminia Musa chai kwenye kifuniko. Basi nesi anapoita, msomaji anajua kabisa kuna Zawadi wawili, na swali linakuwa ni yupi:

"'Watu wa Zawadi?'

Wote wawili wakasimama. Nesi akatazama karatasi, akamtazama Musa, akarudi kwa karatasi.

'Ni msichana. Kilo tatu.'

Yule mama akamkumbatia Musa kwa nguvu, kifuniko cha chai kikamwagika, akacheka, akachukua begi lake na thamosi, akaingia ndani. Hakukumbuka kuaga."

Sadfa iliyoandaliwa mapema msomaji ataikubali. Sadfa inayotokea ghafla ili ikuokoe, ataikataa, na ana haki. Na ona gharama: Musa amekumbatiwa kwa furaha isiyo yake, na amebaki peke yake kwenye benchi.

Cha tatu ni simu. Hapa ndipo wengi wetu tunapotelea. Tunaona simu ni nafasi ya kueleza historia: mama anapiga, na mara tunasimuliwa jinsi Zawadi alivyozaliwa na jinsi baba alivyowaacha. Hapana. Mtu mwenye hofu hasimulii historia kwenye simu. Anauliza kitu kimoja. Niliipa simu ya Musa asilimia nne ya chaji, halafu:

"'Wametoka?'

'Wanamalizia, mama.'

'Nani amekuambia?'

'Nesi.'

'Umemwona mtoto kwa macho yako?'

Simu ikazima."

Mistari mitano, ametoka na deni. Amemdanganya mamake, na hawezi kumpigia arekebishe. Sasa si kwamba anangoja tu kujua kama Zawadi ataishi. Anangoja pia kujua kama neno alilompa mamake litageuka kuwa kweli. Swali ni lilelile, lakini limekuwa zito, na limemhusisha yeye mwenyewe.

Cha nne ndicho nilichokifikiria muda mrefu zaidi, na hakikutoka kichwani mwangu. Kilinitokea. Nesi alifungua mlango akanipa mfuko wa plastiki.

"'Wewe ni wa Zawadi wa ajali?'

'Ndiyo.'

'Chukua vitu vyake. Weka sahihi hapa.'

Ndani ya mfuko kulikuwa na sweta iliyokatwa kwa makasi, na kiatu kimoja.

'Sista, na yeye je?'

'Daktari atakuja kuongea na wewe.'"

Mlango ukafungwa. Ukienda hospitalini utajua hakuna ajabu hapo. Nguo za mtu wa ajali hukatwa ili wamfikie haraka, na vitu hupewa familia visipotee. Ni kazi ya kawaida. Nesi hakukosea hata neno moja. Lakini kwa aliye kwenye benchi, kupewa vitu vya mtu ni kama kuambiwa mwenyewe hatavihitaji tena. Na "daktari atakuja kuongea na wewe" inaweza kumaanisha mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Huhitaji mtu mkatili kwenye korido. Unahitaji mtu anayefanya kazi yake, akisema maneno ya kazi yake, kwa mtu anayeyasikia kwa sikio lingine.

Ukiangalia hivyo vinne, vinapanda. Cha kwanza hakimjui Musa kabisa. Cha pili kinataja jina la dadake, lakini si dadake. Cha tatu kinamgusa yeye na mamake. Cha nne kimetoka kwa Zawadi mwenyewe, kimebeba kiatu chake. Kila kimoja kinakaribia jibu zaidi ya kilichotangulia. Mwendo nao ulibadilika. Kabla ya ndoo niliandika kama mistari kumi ya Musa na korido. Kati ya ndoo na nesi, sita. Kabla ya simu, mitatu. Msomaji hahesabu, lakini mwili wake unasikia mambo yanakaribiana.

Halafu, baada ya mfuko, nikakata. Hakuna kisumbufu tena. Nikaandika aya ndefu ambayo hakuna anayepita wala kuita. Sakafu imekauka, Musa anaweza kutembea sasa, lakini hatembei. Ameshika kile kiatu. Umemzoesha msomaji kwamba kila baada ya muda mfupi kitu kitaingia, na sasa hakiingii. Nakuambia, hiyo aya ndiyo watu waliniandikia kuihusu zaidi ya zote, na haina tukio hata moja.

Sasa utajuaje kama yako imekubali? Mimi nina majaribio mawili. La kwanza, badilisha mpangilio. Chukua visumbufu vyako, uvichanganye kama karata. Ukiweka cha nne mahali pa cha kwanza na hadithi isidhurike, basi huna ngazi, una orodha. Mfuko wa nguo ukija kabla ya ndoo, ndoo inakuwa mzaha. Hapo unajua mpangilio una kazi. La pili, futa kimoja kimoja. Ukifuta simu, je, kuna kitu mbele kinachoanguka? Kwangu kinaanguka: deni la uongo kwa mama. Nilikuwa na kisumbufu cha tano, yule mtu aliyeuliza choo. Kilinitokea kweli, na kilinichekesha. Nilipokifuta hakuna kilichoanguka, kwa hivyo kilibaki nje. Kitu kutokea kweli hakikipi tikiti ya kuingia kwenye hadithi.

Najua kuna atakayesema kwamba haya ni mazingaombwe, kumchezea msomaji na mlango. Kunaweza kuwa hivyo, na mpaka uko wazi. Ukificha kitu ambacho mhusika wako anakijua, umedanganya. Kama Musa ameshaambiwa hali ya dadake halafu wewe unamnyima msomaji kwa kurasa tatu, huko si kujenga wasiwasi, ni kumfanya mtu mjinga. Msomaji asijue kwa sababu Musa hajui. Basi.

Na jibu lije. Kuna wale wanaomalizia kwa "mlango ukafunguka..." na nukta tatu, wakidhani ni usanii. Samuel Beckett aliandika tamthilia nzima ya watu wawili wanaomngoja mtu anayeitwa Godot, ikaonyeshwa Paris mwaka wa 1953, na Godot hafiki. Kila tendo linapokaribia mwisho, mvulana anakuja kusema hatakuja leo, atakuja kesho. Lakini pale kutokuja ndiko hadithi yenyewe. Korido yako si hiyo. Umemwambia msomaji kuna mtoto kwenye meza ya upasuaji, ukampa saa, ukampa kiatu. Unamdai nini tena? Mlipe.

Mimi nilimlipa hivi. Daktari hatoki akitabasamu. Anatoka, anatafuta mahali pa kukaa, anaona benchi, anaketi kando ya Musa na kunyoosha miguu. Musa anaitazama miguu ya daktari kwa sababu anaogopa kutazama uso. Daktari anasema, "Tumesimamisha ile damu. Anapumua mwenyewe. Kesho asubuhi utamwona." Halafu anauliza kama kuna mahali anaweza kupata chai saa hii. Hata habari njema nayo nimeikatiza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yule mtu alikuwa amesimama muda mrefu na alitaka chai.

Mdogo wangu anatembea. Ana kovu tumboni ambalo huwaonyesha watu hata hawajamwomba. Kiatu cha pili hatukukipata.

Mama alisoma ile hadithi kwenye simu ya jirani. Hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Alinipigia akaniuliza, "Kwa hivyo ule usiku, uliponiambia wanamalizia, hakuna nesi alikuwa amekuambia?"

Nikamwambia hakuna.

Akanyamaza. Nikamsikia anavuta kiti aketi. Halafu mtu akabisha mlango kule kwake, akasema nisikate, akaenda kufungua, na mimi nikabaki na simu sikioni nikingoja arudi.